Dola Moja ya Ziada kwa Chandarua: Inanunua Nini?

Vyandarua viwili vinaweza kufanana kwa rangi, kwa ukubwa na hata kwa idadi ya matundu, lakini kimoja kikauzwa dola 2 na kingine dola 3. Anayenunua kimoja kwa ajili ya kitanda chake hataumiza kichwa sana. Anayenunua 100,000 kwa ajili ya wilaya nzima ana dola 100,000 za kutolea maelezo, na atakayemhoji ana haki ya kutaka jibu lenye namba.

Swali hilo ndilo wanafunzi wa uchumi wa afya hupewa kama zoezi la nyumbani, na jibu lake hutafutwa kwa kipimo ambacho vitabu vyao hukiandika kwa herufi nne, ICER. Kwa Kiswahili cha kawaida ni uwiano wa nyongeza: gharama iliyoongezeka ikigawanywa kwa manufaa yaliyoongezeka, pale unapoacha afua moja na kuchukua nyingine. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu uko katika kujua nini kinaingia juu ya mstari, nini kinakaa chini yake, na namba inayotoka inamaanisha nini. Hapo ndipo wanafunzi hupoteza alama, na hapo ndipo viongozi wa afya wanaweza kupoteza fedha.

Zoezi ninalotumia hapa lina namba za darasani, nimezipanga ili zigawanyike kwa urahisi. Lakini vyandarua vyenyewe vipo, na vimepimwa kwetu. Kwa miaka mingi chandarua cha kawaida kimewekwa dawa ya kundi la pairethroidi, inayotokana na kuiga sumu ya ua la pareto. Mbu wamezizoea dawa hizo. Wanatua juu ya chandarua na kuondoka wakiwa hai. Kwa sababu hiyo vimetengenezwa vyandarua vyenye dawa ya pili. Aina mojawapo ina klofenapiri. Pairethroidi hushambulia neva za mbu, ilhali klofenapiri huvuruga namna chembe za mwili wake zinavyotengeneza nguvu, kwa hiyo mbu aliyeizoea ya kwanza bado hufa kwa ya pili.

Vyandarua hivyo vilijaribiwa wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, katika utafiti ulioongozwa na Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu akishirikiana na wenzake wa Moshi na London. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu, kila kundi likapewa aina yake ya chandarua mwaka 2019. Baada ya miezi 24 watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14 walipimwa damu. Katika vijiji vya chandarua cha kawaida, asilimia 45.8 walikuwa na vimelea vya malaria. Katika vijiji vya klofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet. Kwa hiyo kwamba chandarua cha bei ya juu kinakinga zaidi si dhana. Kinachobaki ni kujua kama kinga hiyo ya ziada inastahili bei yake ya ziada.

Sasa tuingie kwenye zoezi. Wilaya ina watu 180,000. Mipango ya ugawaji hukadiria chandarua kimoja kwa kila watu 1.8, kwa kuwa wengi hulala wawili wawili na kaya nyingine zina mtu mmoja wa ziada. Hivyo vinahitajika vyandarua 100,000. Chandarua cha kawaida, tukiite A, kinanunuliwa kwa dola 2. Chandarua chenye dawa mbili, tukiite B, kinanunuliwa kwa dola 3. Kukisafirisha, kuandikisha kaya na kukifikisha mkononi mwa mwenye kitanda kunagharimu dola 2 nyingine, kiwe A au kiwe B. Mpango wa A unafika dola 400,000 na mpango wa B dola 500,000.

Kwa miaka miwili, zoezi linasema, wilaya ikitumia A itapata wagonjwa 60,000 wa malaria, na ikitumia B itapata 45,000. Bila chandarua chochote wangekuwa 100,000.

Mwanafunzi mwenye haraka huanza kwa kugawanya kila mpango peke yake. A imezuia wagonjwa 40,000 kwa dola 400,000, sawa na dola 10 kwa mgonjwa. B imezuia 55,000 kwa dola 500,000, sawa na dola 9 na senti chache. Anaandika kwamba B ni nafuu zaidi na anafunga daftari. Jibu lake limeangukia upande sahihi kwa bahati tu. Tubadilishe namba moja: tuseme B inazuia wagonjwa 43,000 badala ya 55,000. Wastani wake sasa ni dola 11 na senti 60, umepanda kidogo tu juu ya dola 10 za A, na wengi wangesema tofauti hiyo inavumilika. Lakini angalia nyongeza. Dola 100,000 za ziada zimezuia wagonjwa 3,000 tu wa ziada. Kila mmoja wao amegharimu dola 33. Wastani umeificha gharama hiyo kwa kuichanganya na kazi nzuri ambayo chandarua cha kawaida kingeifanya hata hivyo.

Anayeezeka nyumba halinganishi bati nene na kukaa bila paa. Analinganisha bati nene na bati jepesi, na anauliza hela ya nyongeza itamwongezea miaka mingapi. Wilaya nayo haichagui kati ya B na kuwaacha watu bila chandarua, kwa sababu A tayari inagawiwa. Ndiyo maana sehemu zote mbili za uwiano ni tofauti kati ya mipango miwili:

```
ICER = (Gharama B − Gharama A) ÷ (Manufaa B − Manufaa A)
```

Turudi kwenye namba zetu za awali. Chini ya mstari, kwa sasa, tunaweka wagonjwa waliozuiliwa: 15,000. Hapa pana mtego mdogo unaowanasa wengi. Ukichukua wagonjwa wa B na kutoa wagonjwa wa A unapata 15,000 hasi, na uwiano wote unageuka kuwa hasi. Mwanafunzi anaona alama ya kutoa na kuandika kwamba B inaokoa fedha. La. Ugonjwa ni hasara, kwa hiyo manufaa ni wagonjwa waliopungua, na idadi hiyo ni chanya. Kabla ya kugawanya chochote, sema kwa mdomo: B inagharimu zaidi au pungufu? B inakinga zaidi au pungufu? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama kugawanya kunahitajika.

Maana kama B ingekuwa ya bei ya chini na kinga kubwa zaidi, hakuna cha kugawanya. B imeshinda na uamuzi umekwisha. Ingekuwa ya bei ya juu na kinga ndogo, imeshindwa. Hali hizo mbili zinazopingana hutoa zote mbili uwiano hasi, na msomaji anayeona namba hasi peke yake hawezi kujua ni ipi. Hivyo uwiano wa nyongeza huandikwa pale tu kilicho bora kinapokuwa pia ghali zaidi, na mtu anatakiwa kupima kama ubora unalipa.

Juu ya mstari, dola 100,000 si hesabu kamili. Wagonjwa 15,000 ambao hawakuugua ni watu ambao hawakwenda zahanati, hawakutumia kipimo cha haraka wala dozi ya dawa mseto, na hawakuchukua muda wa mhudumu. Tuseme theluthi mbili yao wangekwenda kituo cha serikali, yaani 10,000, na kila mmoja angekigharimu kituo dola 3. Hizo ni dola 30,000 ambazo mpango wa B unazirudisha. Gharama ya nyongeza inabaki dola 70,000. Tukigawanya kwa 15,000 tunapata dola 4 na senti 67 kwa kila mgonjwa aliyezuiliwa.

Ni namba inayoeleweka haraka, lakini haimsaidii sana Mganga Mkuu wa Wilaya. Fedha hizohizo angeweza kuzitumia kwenye chanjo, kwenye huduma ya wazazi au kwenye dawa za kifua kikuu, na mgonjwa mmoja wa malaria halinganishwi moja kwa moja na mama aliyejifungua salama. Ili afua tofauti zikae kwenye mizani moja, watafiti hubadilisha magonjwa na vifo kuwa miaka ya maisha yenye afya iliyopotea. Kipimo hicho, ambacho kwenye majedwali huandikwa DALY, kilitumiwa na Benki ya Dunia katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993 kutokana na kazi ya Christopher Murray na Alan Lopez. Mimi nitauita mwaka wa afya.

Mwaka wa afya hupotea kwa njia mbili: mtu anakufa mapema, au anaishi akiwa mgonjwa. Tuanze na kuugua. Tuseme kila ugonjwa ulidumu siku 7. Kwa watu 15,000 hizo ni siku 105,000, karibu miaka 288. Lakini siku ya homa haihesabiwi kuwa sawa na siku ya kufa. Makadirio ya mzigo wa magonjwa duniani huipa homa ya wastani ya maambukizi uzito wa 0.051, ambapo 0 ni afya kamili na 1 ni kifo. Zidisha 288 kwa 0.051 na unabakiwa na miaka 15 ya afya. Watu 15,000 wameepuka kuugua, na mizani inasema miaka 15 tu.

Sasa vifo. Zoezi linatoa kifo kimoja kwa kila wagonjwa 500, kiwango kisicho mbali na hali ya dunia: Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 263 na vifo 597,000 kwa mwaka 2023, takriban kifo kimoja kwa kila wagonjwa 440. Kwa wagonjwa 15,000 hiyo ni vifo 30 vilivyozuiliwa. Wengi wangekuwa watoto, kwa sababu Afrika takribani robo tatu ya wanaokufa kwa malaria hawajatimiza miaka 5. Tuseme kila mmoja alikuwa na miaka 60 mbele yake. Kwa kawaida ya wachumi, mwaka wa mbali huhesabiwa pungufu ya mwaka wa karibu, na kwa kiwango cha asilimia 3 miaka hiyo 60 inakuwa kama 28. Vifo 30 mara 28 ni miaka 840.

Jumla ni miaka 855 ya afya. Dola 70,000 ukigawanya kwa 855 ni dola 82. Hilo ndilo jibu la zoezi: ukiacha A na kuchukua B, kila mwaka wa afya wa ziada unaununua kwa dola 82.

Tazama tena jinsi 855 ilivyojengwa. Miaka 840 imetoka kwenye watoto 30, na miaka 15 imetoka kwenye wagonjwa 15,000. Anayesoma dola 82 bila kujua hilo anaweza kudhani jibu limesimama juu ya wagonjwa waliohesabiwa vijijini kwa uangalifu mkubwa, wakati kwa kweli limesimama juu ya dhana kuhusu wangapi kati yao wangekufa. Utafiti wa vyandarua kama ule wa Misungwi haujengwi kuhesabu vifo. Unapima vimelea na homa, halafu mtafiti anakadiria vifo kutokana na vyanzo vingine. Ni njia halali, lakini lazima iandikwe wazi.

Ndiyo sababu hatua inayofuata, ambayo wanafunzi huiona kama nyongeza ya kujaza ukurasa, mimi naiona kuwa nusu ya kazi. Unayumbisha namba moja baada ya nyingine na kuangalia jibu linakwenda wapi. Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyozusha mjadala. Tuseme B inauzwa dola 4 badala ya 3. Gharama ya nyongeza inapanda hadi dola 170,000 na uwiano unafika dola 199. Umepanda zaidi ya maradufu. Sasa rudisha bei na uguse vifo. Katika wilaya ambayo watu wako karibu na zahanati, vipimo vipo, dawa zipo na watoto mahututi wanafikishwa hospitali kwa wakati, huenda wagonjwa 15,000 wangetoa vifo 10. Miaka ya afya inashuka hadi 295 na uwiano unakuwa dola 237. Vikiwa vifo 5, miaka ni 155 na uwiano ni dola 452.

Chandarua hakikubadilika hata uzi mmoja. Kilichobadilika ni hospitali. Kinga huonekana nafuu pale tiba ni dhaifu, na kuonekana ghali pale tiba inafanya kazi. Kwa hiyo matokeo ya wilaya moja hayabebwi mzimamzima kwenda nyingine, hata kama mbu ni walewale.

Kuna namba ya tatu inayostahili kuyumbishwa: muda. Ugawaji mkubwa hupangwa kwa dhana kwamba chandarua kitadumu miaka 3, ilhali vyandarua vingi huchanika au kutupwa kabla ya hapo, na dawa hupungua kila kinapofuliwa. Misungwi ilionyesha hilo kwa aina nyingine ya chandarua, ile yenye kemikali iitwayo PBO, ambayo huzuia mbu kuivunja sumu mwilini. Mwanzoni chandarua hicho kilikinga zaidi ya cha kawaida. Kufika mwezi wa 24, vimelea vilikuwa kwa asilimia 40.7 ya watoto dhidi ya 45.8, na tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuaminika kitakwimu. Anayekokotoa uwiano wa chandarua hicho kwa takwimu za mwaka wa kwanza na kuzitandaza kwa miaka 3 atapata namba ya kupendeza isiyo ya kweli. Ukikutana na hesabu ya namna hii, ulizia kipindi kilichopimwa na kipindi kilichohesabiwa. Kama cha pili ni kirefu kuliko cha kwanza, mtafiti amekisia sehemu iliyobaki.

Tumehesabu mpaka sasa kwa macho ya serikali. Mama aliyempeleka mtoto zahanati ana hesabu yake. Amelipa nauli ya bodaboda, amenunua dawa ya maumivu dukani, ameacha palizi siku mbili. Tuseme kila mgonjwa anaigharimu kaya dola 4. Kwa wagonjwa 15,000 hizo ni dola 60,000 ambazo kaya zinabaki nazo. Tukizihesabu, gharama ya nyongeza inashuka kutoka dola 70,000 hadi 10,000, na uwiano unashuka kutoka dola 82 hadi 12. Majibu yote mawili ni sahihi. La kwanza linamjibu anayelinda bajeti ya wizara, la pili linamjibu anayetazama jamii nzima. Kosa ni kuandika mojawapo bila kutaja ni macho ya nani, au kuhesabu gharama kwa macho ya serikali na akiba kwa macho ya jamii, jambo ambalo huipamba afua yoyote ile.

Basi dola 82 ni nyingi au chache? Uwiano wenyewe hausemi. Unahitaji kizingiti cha kulinganisha nacho. Kwa miaka mingi watafiti walitumia kanuni rahisi: afua ikinunua mwaka wa afya kwa chini ya pato la taifa la mtu mmoja kwa mwaka, inafaa sana, ikiwa chini ya mara tatu ya pato hilo, inafaa. Kwa Tanzania, ambako pato hilo limepita dola 1,000, karibu kila kitu kingefaa, na fedha zingekwisha kabla ya orodha kufika nusu. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliandika katika jarida la shirika hilo kwamba kanuni hiyo isitumike peke yake kufanyia maamuzi.

Njia yenye mantiki zaidi huuliza: dola hizi zikitolewa kwenye bajeti ya afya iliyopo, ni miaka mingapi ya afya itapotea mahali pengine? Makadirio ya namna hiyo hutoa kizingiti cha chini sana. Watafiti wa Misungwi walitumia kizingiti cha kati ya dola 292 na 393 kwa mwaka wa afya, na walikuta kwamba gharama ya ziada ya vyandarua vya klofenapiri iko mbali sana chini ya hapo.

Weka sasa namba za zoezi kando ya kizingiti hicho. Dola 82 ziko chini. Dola 199, bei ya nyongeza ikiwa maradufu, bado ziko chini. Dola 237, vifo vikiwa 10, ziko chini ingawa zinakaribia. Dola 452, vifo vikiwa 5, zimevuka. Kwa hiyo katika wilaya hii ya darasani, mjadala mrefu kuhusu dola moja ya bei hauwezi kugeuza uamuzi, na mjadala mfupi kuhusu idadi ya vifo unaweza. Ningekuwa na fedha za kutafuta takwimu moja bora zaidi kabla ya kuagiza, ningezipeleka kwenye rejista za hospitali na kwenye kuulizia vifo vya watoto vijijini, kwa sababu wapo wanaofia nyumbani na hospitali haiwajui.

Jambo moja halionekani kabisa ndani ya uwiano, na linawaudhi kwa haki maofisa wa halmashauri. Dola 100,000 za ziada zinatakiwa leo, kwa fedha taslimu, kabla meli haijapakia. Dola 30,000 tulizosema zinarudi zitarudi kidogo kidogo kwa miaka miwili, na hazitarudi kama noti. Zitarudi kama foleni fupi kwenye zahanati, vipimo vilivyobaki kabatini na muuguzi aliyepata muda wa kumsikiliza mgonjwa mwingine. Aliyelipia chandarua anaweza kuwa mfadhili mmoja na aliyeokoa dawa akawa mwingine. Afua inaweza kuwa na uwiano mzuri kabisa na bado wilaya isiwe na fedha ya kuinunua mwaka huu. Hesabu ya uwezo wa bajeti hufanywa kando, na mwanafunzi anayeichanganya na uwiano wa nyongeza anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo thabiti kwamba, pale mbu walipozizoea pairethroidi, vyandarua vya klofenapiri vitumike badala ya vile vya pairethroidi pekee. Liliegemea utafiti wa Misungwi pamoja na mwingine wa aina hiyo uliofanyika Benin. Pendekezo la dunia halimwondolei mwanafunzi wala halmashauri kazi ya kuhesabu, kwa sababu bei hubadilika kwa kila zabuni, na tiba na vifo si sawa kila wilaya.

Kwa namba tulizopewa, jibu langu ni B. Ningeliandika kwenye daftari hivi: kwa mtazamo wa serikali, kwa kipindi cha miaka miwili, kubadili kutoka chandarua cha kawaida kwenda chandarua cha dawa mbili kunagharimu dola 82 kwa kila mwaka wa afya wa ziada, chini ya kizingiti cha dola 292, mradi vifo vinavyozuiliwa visipungue 8 kwa wagonjwa 15,000. Namba hiyo 8 imepatikana kwa kurudi nyuma: dola 70,000 ukigawanya kwa 292 ni miaka 240, ukitoa 15 ya kuugua na kugawanya kwa 28 unapata 8. Mwalimu wako asipokuomba uitafute, itafute hivyohivyo na uiweke kwenye sentensi ya jibu.